Unajenga Kisumu? Kabla Slabu Imwagwe, Jua Maji Yataingia Wapi na Kutokea Wapi

Wacha nikuambie stori ya anko wangu, juu ndio ilinifunza hii kitu. Jamaa alinunua ploti ya 50 kwa 100 upande wa Nyamasaria. Akapata ramani safi ya nyumba ya vyumba vitatu, akaitisha mawe, akatafuta fundi. Swali la maji taka aliliuliza siku moja kabla ya slabu. Alikuwa amesimama juu ya maram iliyoshindiliwa, chai mkononi, akamuuliza plamba, "Sasa septiki tutaweka wapi?"

Plamba akaonyesha nyuma ya nyumba na kidole. Ni pale tu, kwani kuna nini?

Kuna kisima, buda. Kisima cha jirani, dani fulani, kiko mita tano tu kutoka fensi ya nyuma. Hiyo septiki na shimo lake la kunyonya maji zingekuwa mita nane kutoka kwa maji ambayo dani na wapangaji wake wanapikia chai.

Kama unapanga kujenga Kisumu, iwe ni Nyamasaria, Mamboleo, Riat ama huko chini karibu na Dunga, hii stori ni yako pia. Watu wengi hudhani maji ni kazi ya mwisho, ile ya kuitia plamba nyumba ikishaezekwa. Lakini maji ndio huamua nyumba ikae wapi, bafu iangalie upande gani, sakafu iinuke kiasi gani na paa liwe la aina gani. Ukishamwaga slabu, hayo yote yamefungwa.

Anza na swali la bure kabisa: kuna laini ya maji taka inapita karibu na ploti yako? Enda ofisi ya KIWASCO uulize. Kama ipo na iko chini kuliko nyumba yako, jiunge nayo na nusu ya shida zako zimeisha. Lakini sehemu kubwa ya Kisumu, haswa kwenye watu wanajenga saa hii, hakuna laini. Hapo maji yako taka yatabaki kwa ploti yako.

Sasa pima. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi, yaani kama mita 15 kwa mita 30. Kipimo ambacho maofisa wa afya na mainjinia wengi hutumia ni kwamba shimo la kunyonya maji taka likae angalau mita 30 kutoka kwa kisima. Soma hiyo tena polepole. Mita 30 ndio urefu wote wa ploti yako. Maanake kwa ploti kama hiyo huwezi kuwa na kisima chako na septiki yako, na vile vile septiki yako inaweza kuwa inamharibia jirani hata kama wewe huna kisima. Watafiti wamepima visima vya Manyatta na Migosi kwa miaka mingi, na wamekuwa wakipata uchafu wa choo ndani yake, juu vyoo na visima vimebanana. Hizo ni mtaa wa watu kama sisi, si kwamba mtu alikuwa na roho mbaya. Ni ploti ndogo tu na hakuna aliyepima.

Kwa hivyo mimi nimefika hapa: kwa ploti ndogo ya Kisumu, kisima chako ni paa lako. Chini ya ardhi umewachia septiki, juu umewachia mvua. Ukikubali hiyo, plani yote inajipanga.

Turudi kwa anko. Slabu ilisimamishwa wiki mbili, na alikasirika, usidhani ilikuwa rahisi. Fundi mmoja mzee, wa kuitwa jaduong' na kila mtu pale saiti, akachukua tepu akapima upya. Mbele ya ploti, upande wa barabara, kulikuwa na mita tisa wazi. Nyumba ilikula mita 12. Nyuma ilibaki mita tisa ingine. Mtaro wa kunyonya ukiwekwa mbele, mita tatu kutoka geti, umbali hadi kwa kisima cha dani unakuwa mita 27 ndani ya ploti, jumlisha tano za nje, inafika 32. Imepita. Na ng'ambo ya barabara hakukuwa na kisima karibu, hiyo pia walienda kuangalia kwa miguu.

Bahati ingine, ploti ilikuwa inateremka kuelekea barabarani. Maji taka yanataka kuteremka, hayajui kupanda. Na maji ya chini ya ardhi kwa kawaida hufuata mteremko, kwa hivyo ni poa septiki ikiwa chini ya kisima kuliko kuwa juu yake.

Shida ilikuwa ramani. Bafu na vyoo vyote vilichorwa nyuma. Ukitoa paipu nyuma ndio izunguke nyumba nzima ije mbele, unapoteza mteremko wote. Ikabidi ramani igeuzwe, vyoo vije upande wa pembeni karibu na mbele, na ramani irudishwe kaunti ipitishwe tena. Hapo ndio ganji iliumia. Ingefanywa mapema kwa karatasi, ingekuwa ni kalamu tu na raba.

Ile kitu wengi hawapimi ni udongo. Ukanda wa chini wa Kisumu, kuelekea Kano, una ule udongo mweusi, bleki koton. Kiangazi unapasuka hadi mtoto anaweza kupoteza kiatu ndani. Masika unavimba na kuziba kabisa. Anko alikuwa amepima Januari. Alichimba shimo, akamwaga maji, yakaisha kabla amalize kuongea kwa simu. Akasema hapa ni poa sana.

Uongo mtupu. Maji yaliingia kwa nyufa, si kwa udongo. Jaduong' alisema warudie Aprili, mvua ikiwa imekolea. Na kuna njia ya kupima: unachimba shimo dogo la kama futi moja kila upande, hadi ile kina mtaro wako utafika. Unalijaza maji jioni na kuliacha lilale hivyo, ndio udongo uvimbe kama vile utavimba masika. Asubuhi unajaza tena, unachomeka kijiti chenye alama, unaangalia saa. Maji yakishuka inchi moja kwa dakika chache ama nusu saa, udongo unanyonya. Kama inchi moja inachukua zaidi ya saa nzima, shimo la kunyonya hapo litajaa na kurudi kwako kupitia choo. Yaani uta-flashi na choo kitakujibu.

Aprili, shimo la anko lilichukua karibu dakika 50 kwa inchi moja. Linapita, lakini kwa kubembeleza. Kwa udongo kama huo unasahau lile shimo moja refu la kwenda chini futi kumi, ambalo mafundi wengi hupenda juu ni rahisi. Unatumia mitaro mipana isiyo ya kina, yenye kokoto na paipu lililotobolewa, ili maji yapate ukuta mwingi wa kunyonya. Na usipitishe gari juu yake. Anko aliweka njia ya gari upande mmoja wa geti na mitaro upande mwingine, juu tairi zikishindilia udongo hapo, kazi yako yote imezikwa.

Halafu kuna maji ya chini. Njia rahisi ya kujua yako wapi ni kuchungulia kisima cha jirani mwezi wa mvua. Kwa dani yalikuwa futi sita kutoka juu, mita 1.8 hivi. Chini ya mtaro wako unataka udongo mkavu wa angalau mita 1.2 kabla ya kufikia hayo maji, ndio huo udongo uchuje. Toa hesabu: mtaro wa anko haungeweza kwenda chini zaidi ya sentimita 60.

Na hapo ndipo sakafu inaingia. Fuata hii polepole, juu ndio moyo wa kitu yote. Paipu la choo linatoka chini ya slabu kama sentimita 45 chini ya sakafu. Paipu la inchi nne linataka kuteremka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Kutoka choo cha mbali hadi septiki ilikuwa mita 10, kwa hivyo linashuka 25 ingine. Jumla 70. Ramani ya kwanza ilikuwa na sakafu iliyoinuka sentimita 30 tu kutoka ardhini. Paipu lingefika septiki likiwa sentimita 40 ndani ya ardhi, na mtaro baada ya hapo ungeenda chini ya mita moja. Umekaribia maji. Walipoinua sakafu hadi sentimita 75, paipu likafika karibu sawa na uso wa ardhi, na mtaro wa sentimita 60 ukawezekana.

Sakafu kuinuka si hasara kule. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakijawahi kurekodiwa, likapita hata cha 1964, na watu wa Dunga walitembea ndani ya maji mahali palikuwa na hoteli za samaki. 2024 likapanda tena. Ukiwa huko chini kabisa, mahali maji ya ardhi yako magotini masika, mitaro haifanyi kazi hata uinue nini. Hapo unajenga tenki la kuzibwa, halinyonyeshi kokote, unaita gari la eksosta likijaa. Ni gharama ya kila wakati, ndio, lakini kile kitu ingine ni kumwaga choo kwa ziwa. Na kama ni tenki la plastiki, usiliache tupu masika. Maji ya ardhi hulisukuma juu kama mtumbwi. Baada ya kunyonya, mtu hurudishia maji ndani.

Septiki yenyewe haina maajabu. Kwa familia ya watu watano ama sita, vyumba viwili, cha kwanza kikubwa mara mbili ya cha pili, jumla kama lita 3,000 na kitu. Ya anko ilikuwa mita 2.4 kwa 1.2, maji yakiwa na kina cha 1.2. Paipu la kutokea linakaa chini ya la kuingilia kwa kama sentimita tano, na zote mbili zina kichwa cha umbo la T ndio ule utando wa juu usitoke. Ukuta upigwe plasta ndani isivuje, juu bleki koton ikicheza, tofali hupasuka. Na mfuniko ufikike. Kila miaka mitatu hadi mitano gari la eksosta lazima lije, na kwa sababu septiki iko mbele karibu na geti, mpira unafika. Hao wa septiki nyuma ya nyumba iliyobanwa na ukuta pande zote, tutawaombea.

Sasa twende juu kwa paa, sehemu tamu.

Hesabu ya mvua ni rahisi kuliko ya beti: milimita moja ya mvua kwa mita mraba moja ya paa ni lita moja. Pima paa kama unaliangalia kutoka juu, mteremko hauhesabiki. Paa la anko lilikuwa 10 kwa 12, yaani mita mraba 120. Kisumu hunyesha kama milimita 1,300 kwa mwaka. Toa ile hurukia nje na kuvuja, baki na asilimia 80, unapata karibu lita 125,000 kwa mwaka. Familia ya watu watano, kila mtu lita 50 kwa siku, inatumia lita 250 kwa siku, kama 91,000 kwa mwaka. Mvua inatosha na inabaki.

Watu wakisikia 125,000 wanadhani wanahitaji tenki kubwa kama la stesheni. Hapana. Tenki haliwekwi kwa mvua ya mwaka, linawekwa kwa siku za kukaa bila mvua. Uzuri wa Kisumu ni kwamba mvua haipotei kabisa vile inapotea Kitui. Hata miezi mikavu hutupa kidogo. Ukipanga siku 40 bila tone, mara lita 250, ni lita 10,000. Hiyo ndio saizi. Mvua moja kubwa ya milimita 50 inakupa karibu nusu ya hilo tenki kwa mchana mmoja.

Lakini hapa pia urefu unaua watu. Tenki moja la 10,000 la plastiki ni refu, mengi yanakaribia mita mbili na nusu ama kupita. Unataka kuliinua kidogo ndio mtungi uingie chini ya mfereji. Gata nayo inateremka kuelekea tenki. Unafika siku ya kufunga, mdomo wa tenki uko juu ya gata. Nimeona mtu amechimba shimo akashusha tenki, sasa anachota maji akiwa amepiga magoti kama yuko kanisani. Pima tenki dukani kabla ukuta haujafika linta. Anko alichukua mawili ya 5,000, ambayo ni mafupi, akayaunganisha chini. Na kumbuka lita 10,000 ni tani kumi. Ule udongo mweusi uondolewe, ujaze mawe na zege, na ule mfereji wa maji yanayofurika uelekezwe mbali na msingi.

Paa lenyewe: lile la pande mbili linamwaga pande mbili, gata mbili, kazi imekwisha. Lile la pande nne linataka gata kuzunguka nyumba yote, na kila kona ni mahali pa kuvuja. Na hizi za kujificha, zile nyumba zinakaa kama boksi kwa Instagram, gata iko ndani ya ukuta. Ikiziba na majani, maji yanaingia sebuleni. Sisemi usijenge. Nasema utapanda ngazi mara nyingi.

Kisumu pia tuna korongo wakubwa wanaokaa juu ya mabati na wale nzi wa ziwani wanaokuja kama moshi. Ile mvua ya kwanza inaosha yote hayo. Mafundi huweka paipu la kusimama la kushika maji ya kwanza, mita moja na nusu hivi, la inchi nne. Hilo linashika kama lita 12. Paa la mita mraba 120 linataka angalau lita 60 zitupwe kwanza. Kwa hivyo tumia pipa la lita mia, lenye koki ndogo chini ya kujitoa polepole, ndio liwe tupu mvua ingine ikija. Utajua halifanyi kazi ukifungua tenki na maji yana rangi ya chai. Na ya kunywa bado unachemsha ama unatia dawa.

Imebaki maji ya bafu na ya kufua. Kwa lita 250 za siku, hayo ni kama 150. Yakienda kwa septiki pamoja na choo, mitaro yako inayobembeleza inabeba mzigo zaidi ya mara mbili. Kwa hivyo chini ya slabu weka paipu mbili tofauti: moja ya vyoo, moja ya bafu na kufua. Tofauti ya bei wakati huo ni paipu chache. Baada ya slabu ni nyundo na vumbi. Maji ya jikoni hapana, yana mafuta, hayo yapitie kishimo cha kushika mafuta kisha septiki.

Ya bafu anko aliyapeleka kwa ndizi nyuma, kwa mtaro mfupi uliojazwa majani makavu na kokoto, maji yanaingia chini ya majani, hayaonekani juu. Usiyaweke kwa tenki ukidhani utayatumia kesho kutwa, yananuka ndani ya siku moja. Usimwagie sukuma ama kitu unakula kibichi. Na weka koki ya kugeuza, juu masika ndizi hazihitaji na udongo umejaa, unayarudisha septiki hadi mvua ipungue.

Kuna kitu kimoja cha bleki koton hapa. Sabuni nyingi za unga zina sodiamu, na sodiamu huvunja udongo wa mfinyanzi hadi unaziba. Ukiona maji yanasimama juu mahali yalikuwa yanaingia, na ukoko mweupe ukikauka, ndio hiyo. Hamisha maji kwa ndizi zingine, punguza sabuni ya unga, acha mvua ioshe pale. Siku mnafua na blichi, geuza koki.

Anko aliingia nyumba Disemba. Dani wa nyuma alikuja kuona, akaangalia tenki zote mbili, akauliza kama akikosa maji kiangazi anaweza kutuma mtoto na mtungi. Anko akamwambia atume wawili.